Posho ya gharama za maisha ni asilimia 6, lakini mshahara ghafi umepanda asilimia 4 tu. Je, hesabu ni sahihi?

FundiMitambo_Thika

Ndugu wanajukwaa, salamu. Naomba tusaidiane katika hesabu ambayo imezua mabishano makali pale kazini kwetu.

Mimi ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja mjini Thika. Mkataba mpya wa pamoja kati ya chama chetu na mwajiri unasema kwamba, kuanzia tarehe 1 Julai, kila mfanyakazi anayehusika atalipwa posho ya gharama za maisha ya asilimia 6 ya mshahara wa msingi. Hati yangu ya mshahara ya Juni ilionyesha msingi shilingi 42,000, posho ya nyumba 15,000 na posho ya usafiri 6,000, yaani jumla ya 63,000 kabla ya makato. Hati ya Julai imeleta mstari mpya wa shilingi 2,520 na jumla imekuwa 65,520. Mistari mingine haikuguswa.

Nilipogawanya ongezeko hilo kwa jumla ya zamani nilipata asilimia 4 kamili. Wenzangu wengi wanasema tumepunjwa, kwa sababu asilimia 6 ya 63,000 ni 3,780, na kwa hiyo kuna shilingi 1,260 zinazokosekana kila mwezi. Ofisi ya mishahara inasema hakuna kosa. Ninaomba kujua ni nani aliye sahihi. Ninaomba pia kujua kama ni kawaida posho hiyo kuwekwa katika mstari wake peke yake badala ya kuingizwa kwenye msingi.

---

KaraniWaMishahara

Ndugu Fundi, kwa maneno ya mkataba kama ulivyoyanukuu, ofisi yenu imekokotoa sawasawa. Mkataba umesema asilimia 6 ya msingi, na asilimia 6 ya 42,000 ni 2,520. Zile 1,260 mnazozitafuta ni asilimia 6 ya nyumba na usafiri, yaani ya shilingi 21,000, na kifungu hicho hakikuzigusa posho hizo.

Jambo linalowachanganya watu ni kwamba asilimia iliyotangazwa na asilimia inayoonekana kwenye jumla hupimwa kwa vitu viwili tofauti. Ili kujua jumla itapanda kwa kiasi gani, tafuta kwanza msingi ni sehemu gani ya jumla, kisha uzidishe sehemu hiyo kwa asilimia iliyotangazwa. Kwako wewe 42,000 ni thuluthi mbili za 63,000, na thuluthi mbili za 6 ni 4. Ongezeko la jumla haliwezi kufika asilimia 6 isipokuwa kwa mfanyakazi ambaye hana posho yoyote nyingine, au ambaye posho zake nazo hupanda kwa kiwango hicho hicho.

Matokeo yake ni kwamba asilimia moja huwaathiri wafanyakazi wa kiwanda kimoja kwa namna tofauti, na hapa ndipo ningewashauri mwelekeze mjadala wenu. Mchukue msimamizi mwenye msingi wa 80,000 na posho za 20,000: atapata 4,800 juu ya jumla ya 100,000, ambayo ni asilimia 4.8. Mchukue mfanyakazi wa usafi mwenye msingi wa 24,000 na posho za 16,000: atapata 1,440 juu ya 40,000, ambayo ni asilimia 3.6. Kifungu ni kimoja na tangazo ni moja, lakini yule ambaye sehemu kubwa ya malipo yake imo kwenye posho za kiasi maalumu ndiye aliyepanda kidogo zaidi, na mara nyingi huyo ndiye wa daraja la chini, kwa kuwa posho ya nyumba ya kima kimoja humeza sehemu kubwa ya malipo yake.

Ukitaka kuwaonyesha wenzako kwa jedwali, weka msingi kwenye safu ya B, nyumba kwenye C na usafiri kwenye D, kisha uandike fomula hizi mbili. Ya kwanza itatoa posho yenyewe, na ya pili itatoa athari yake kwenye jumla:

```
=B2*6%
=B2*6%/SUM(B2:D2)
```

Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni mtu kuandika `=SUM(B2:D2)*6%` halafu akaenda kumshutumu karani. Swali lako la mstari wa peke yake ni zito kuliko la kwanza, nami nitalirudia baadaye nikipata nafasi.

---

Mchapakazi_254

Karani amesahau jambo moja. Kwa sheria ya Kenya posho ya nyumba ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Msingi ukipanda, nyumba lazima ipande yenyewe bila kuombwa. Kwa hiyo Fundi alistahili kuona mstari wa nyumba ukisogea, na kama haukusogea basi mwajiri amevunja sheria.

---

KaraniWaMishahara

Uko karibu na ukweli, ndugu, lakini umeupanua kupita mipaka yake. Asilimia 15 imo katika Agizo la Jumla la Kudhibiti Mishahara, nayo hupigwa juu ya kima cha chini cha mshahara wa msingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, inamtaka mwajiri atoe makazi yanayofaa au alipe kiasi kinachotosha kwa kodi ya nyumba, na inaruhusu pia mshahara mmoja ambao kodi imekwisha kujumlishwa ndani yake. Haisemi kwamba kila posho ya nyumba nchini ni asilimia 15 ya msingi wa mtu.

Tazama namba za Fundi mwenyewe. Asilimia 15 ya 42,000 ni 6,300, ilhali yeye hulipwa 15,000. Ni dhahiri kwamba kwao posho hiyo ni kiasi maalumu kilichojadiliwa mezani, na kiasi maalumu hubaki palepale hadi mtu akijadili upya. Hata tukiuingiza ule mstari mpya kwenye msingi na kupata 44,520, asilimia 15 yake ni 6,678, ambayo bado iko mbali chini ya anacholipwa.

Hata hivyo hoja yako ina maana mahali ambapo mkataba wenyewe umeandika nyumba kama asilimia ya msingi. Huko, nyongeza iliyoingizwa kwenye msingi huivuta nyumba pamoja nayo, na pengo kati ya asilimia iliyotangazwa na ile ya jumla hupungua sana.

---

PwaniKwetu

Nyinyi mnalalamikia asilimia 4 ilhali sisi huku tumekatwa mshahara mchana kweupe. Msingi wangu ni 30,000 na posho zote ni 10,000. Mkataba wetu ulikuwa wa asilimia 6 vilevile. Mwezi wa kwanza baada ya kusainiwa jumla yangu iliruka kutoka 40,000 hadi 49,000, nikafurahi sana. Mwezi uliofuata ikashuka hadi 41,800. Nimewauliza wanasema mambo ni sawa. Shilingi 7,200 zimekwenda wapi? Hiyo ndiyo hesabu ya kuulizwa humu.

---

Mzee_wa_Chama

Mdogo wangu wa Pwani, punguza hasira kidogo tusomeane hati. Asilimia 6 ya 30,000 ni 1,800. Ukiijumlisha na 40,000 unapata 41,800, na hiyo ndiyo jumla yako ya kawaida kuanzia sasa. Shilingi 7,200 ni 1,800 mara nne. Bila shaka mkataba wenu ulisainiwa miezi minne baada ya tarehe ya kuanza kutumika, ukalipwa malimbikizo ya miezi hiyo minne pamoja na posho ya mwezi wenyewe, yaani 9,000 kwa mkupuo. Angalia hati ya mwezi ule kama kuna mstari ulioandikwa malimbikizo.

Hili hutokea karibu kila mwaka, kwa sababu mazungumzo huchelewa na mkataba hauanzi kufanya kazi hadi usajiliwe na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ndiyo maana mimi huwaambia wanachama kwamba wasipime kamwe nyongeza kwa hati ya mwezi wenye malimbikizo. Kwa mwezi ule wewe ulionekana kupanda kwa asilimia 22.5, na mwezi uliofuata ukaonekana kuporomoka, ilhali ongezeko la kweli lilikuwa asilimia 4.5 tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa nirudi kwa Fundi. Nimeshiriki mazungumzo ya mikataba kwa muda mrefu kwa upande wa wafanyakazi, na sikubaliani na Karani anapolimaliza jambo kwa kusema kwamba hesabu ni sahihi. Hesabu ya karani ni sahihi, lakini swali la chama ni kama asilimia 6 ilikuwa namba ya haki kudaiwa. Posho hii inaitwa ya gharama za maisha. Gharama za maisha hazimgusi mtu kwenye msingi wake tu. Nauli na kodi hupanda pia, na hizo ndizo zinazolipiwa na zile posho ambazo hazikuguswa.

Shirika la Takwimu la Kenya lilitoa wastani wa mfumuko wa bei wa asilimia 4.5 kwa mwaka 2024, baada ya asilimia 7.7 mwaka 2023. Tuseme mwenzetu alitaka tu jumla yake iende sambamba na hiyo 4.5, bila faida yoyote. Asilimia 4.5 ya 63,000 ni 2,835. Kiasi hicho kikitoka kwenye msingi peke yake, basi 2,835 kwa 42,000 ni asilimia 6.75. Kwa hiyo aliyeingia chumbani akasema kwamba bei zimepanda 4.5, sisi tumepata 6, tumeshinda kwa alama moja na nusu, hakuona kwamba kwa mfanyakazi wa aina ya Fundi jumla imebaki nyuma ya bei kwa nusu ya asilimia. Kwa yule wa usafi mwenye 24,000 katika 40,000, msingi ni asilimia 60 ya jumla, na ingehitajika asilimia 7.5 ili asirudi nyuma.

Sisi tulikuwa tukigawanya asilimia ya bei kwa sehemu ya msingi ndani ya jumla kabla ya kuandika dai lolote, na tulitumia sehemu ya wanachama wa daraja la chini.

---

KaraniWaMishahara

Mzee, shikamoo. Hesabu yako sina la kuipinga, ila naomba usiwafanye wasomaji waamini kwamba kifungu cha posho ya gharama za maisha ndicho pekee chenye fedha. Katika mikataba mingi posho ya nyumba ina kifungu chake na hupandishwa kwa shilingi, si kwa asilimia. Kama kiwanda cha Fundi kingeongeza shilingi 1,000 tu kwenye nyumba katika mkataba huo huo, ongezeko lote lingekuwa 3,520, ambalo ni takriban asilimia 5.6 ya 63,000. Mtu anayesoma kifungu kimoja na kuruka vingine anaweza kulia au kushangilia bila sababu.

---

FundiMitambo_Thika

Nimerudi kuusoma mkataba wote. Kifungu cha nyumba kipo, lakini kinasema kiwango cha sasa kitaendelea kwa muda wote wa mkataba, ambao ni miaka miwili. Usafiri hautajwi kabisa. Kwa hiyo kwetu sisi asilimia 4 ndiyo yote.

Nina swali la ziada. Katika zile 2,520 mfukoni kumebaki takriban 1,580. Je, hilo nalo ni sahihi?

---

KaraniWaMishahara

Ni sahihi. Kwa malipo ya kiwango chako, shilingi inayoongezwa leo hukatwa na mikono minne. Mfuko wa NSSF huchukua asilimia 6, kwa kuwa jumla yako haijafika kikomo cha juu kinachotozwa, na hiyo ni 151.20. Bima ya afya ya SHIF huchukua asilimia 2.75, yaani 69.30. Tozo ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani 37.80. Kinachobaki, 2,261.70, hutozwa kodi ya mapato kwa asilimia 30, ambayo ni 678.51. Unabaki na 1,583.19.

Zingatia kwamba makato haya hayajali kama fedha zimeandikwa kwenye msingi au kwenye posho, kwa sababu kwenu zote ni fedha taslimu na huhesabiwa juu ya jumla. Mstari unaposogezwa kutoka posho kwenda msingi, kinachobadilika ni mambo mengine kabisa, ambayo nimeahidi kuyaeleza.

---

MwalimuDodoma

Ndugu zangu wa Kenya, huku kwetu Tanzania suala hili lina sura nyingine, na ningependa kulileta kwa sababu naona mnaizungumzia habari ya kuingiza posho kwenye msingi kama kwamba ni faida tupu. Mimi ni mtumishi wa umma. Mchango wangu wa PSSSF ni asilimia 5 ya mshahara wa msingi, bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3 ya msingi, na kwa kuwa nilisomeshwa kwa mkopo, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya msingi. Ikitokea ninaongezewa shilingi 10,000 kwenye msingi, 2,300 huondoka kabla hata kodi haijaguswa. Ikiongezwa kama posho, makato hayo matatu hayaisogelei. Kwa hiyo mimi ningeomba iwe posho.

---

Mzee_wa_Chama

Mwalimu, hoja yako ni nzuri, na ni kweli kwamba huko makato hufuata msingi. Lakini hebu zitenganishe zile 2,300. Shilingi 1,500 zinapunguza deni lako mwenyewe, na deni likiisha makato hayo yanakoma mapema zaidi. Shilingi 500 ni akiba ya uzeeni, na kwa ajili ya hizo 500 mwajiri wako analeta 1,500 za kwake, kwa maana yeye huchangia asilimia 15. Zaidi ya hapo, mafao ya uzeeni huhesabiwa kwa kufuata mshahara uliochangiwa. Mtumishi aliyeishi miaka yote kwa posho kubwa na msingi mdogo hugundua siku ya kustaafu kwamba pensheni haizitambui posho hizo hata kidogo.

---

MwalimuDodoma

Nakuelewa, Mzee, ila aliyebakiza miaka 25 kustaafu na ana watoto shuleni hawezi kuipima shilingi ya leo kama ya wakati ule. Tutofautiane kwa heshima.

---

KaraniWaMishahara

Sasa nitimize ahadi. Tuchukue namba za Fundi na tulinganishe njia mbili. Katika njia ya kwanza, 2,520 inaandikwa mstari wake peke yake na msingi unabaki 42,000. Katika njia ya pili, inaingizwa kwenye msingi, ambao unakuwa 44,520. Mwezi wa kwanza jumla ni 65,520 katika njia zote mbili, na kwa sababu hiyo watu hudhani hakuna tofauti.

Tofauti huonekana kwanza kwenye saa za ziada. Agizo la Jumla linaichukua saa moja kuwa angalau sehemu moja ya 225 ya mshahara wa msingi wa mwezi, na saa ya ziada ya siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu. Kwa msingi wa 42,000, saa hiyo ni shilingi 280. Kwa msingi wa 44,520 ni 296.80. Fundi anayefanya saa 20 za ziada kwa mwezi anakosa shilingi 336 kwa sababu tu ya mahali mstari ulipoandikwa. Mkataba wenu unaweza kuwa na kigawanyo kingine badala ya 225, kwa hiyo kitazame kabla ya kutumia namba zangu.

Halafu kuna mpango wa pensheni wa kampuni, ukiwa upo. Mwajiri anayechangia asilimia 10 ya msingi angeongeza 252 kila mwezi katika njia ya pili, na katika njia ya kwanza hataongeza hata senti. Kiinua mgongo nacho kwa kawaida hupigwa juu ya msingi. Nimekaa upande wa ofisi muda wa kutosha kukuambia waziwazi kwamba mwajiri anayeijua hesabu yake hupendelea mstari wa peke yake. Hilo si uovu, kwani posho ya gharama za maisha kwa asili yake hufuata bei na kinadharia inaweza kupunguzwa bei zikishuka, ilhali msingi haushuki. Lakini bei hazishuki, na kila mtu mezani anajua hivyo.

Tofauti ya tatu hujitokeza mwaka wa pili, nayo ndiyo isiyoonekana upesi. Ikiwa posho ya kwanza iliingizwa kwenye msingi, asilimia 6 ya mwaka wa pili ni 2,671.20, na jumla inapanda kwa takriban asilimia 4.1. Ikiwa ilibaki pembeni na asilimia 6 ya pili inapigwa juu ya msingi uleule wa 42,000, ni 2,520 tena, lakini safari hii juu ya jumla ya 65,520, na ongezeko ni asilimia 3.8 tu. Kadiri mstari wa pembeni unavyonenepa, ndivyo tangazo lilelile linavyozidi kudhoofika.

Mfano mkubwa wa njia ya kwanza ni watumishi wa serikali kuu ya India. Posho yao ya ughali wa maisha hutajwa kama asilimia ya msingi na hurekebishwa mara mbili kwa mwaka. Julai 2025 ilitoka asilimia 55 hadi 58, na vichwa vya habari vikasema nyongeza ya asilimia 3. Lakini mtumishi wa huko alikuwa tayari anapokea msingi pamoja na asilimia 55 juu yake. Tatu juu ya 155 ni kama asilimia 1.9 ya mistari hiyo miwili, na ukihesabu posho ya nyumba, ambayo hupigwa juu ya msingi pekee, ni pungufu zaidi ya hapo. Wao wana njia ya kutokea: tume ya mishahara ikija, posho iliyolimbikizwa humezwa na msingi na hesabu huanza upya kwenye sifuri, kama ilivyofanyika Januari 2016 posho ilipokuwa imefika asilimia 125. Mkataba wa kiwanda hauna tume ya kuusubiri, kwa hiyo kama kifungu cha kuingiza posho kwenye msingi hakikuandikwa, mstari utakaa pembeni miaka yote.

---

Mchapakazi_254

Sasa nimeelewa kwa nini nyumba ya Fundi haikusogea. Lakini bado kuna jambo moja. Kwetu sisi hakuna msingi wala posho, kuna mshahara mmoja tu uliojumlishwa wa 55,000. Tukiambiwa asilimia 6 ya msingi, inapigwa juu ya nini?

---

KaraniWaMishahara

Kama mkataba wako wa ajira unasema mshahara umejumlisha kodi ya nyumba na hautaji msingi popote, ofisi nyingi hupiga juu ya zote 55,000 na unapata 3,300. Nimewahi pia kuona waajiri wanaoutenganisha msingi kwa karatasi ya ndani ambayo mfanyakazi hajawahi kuiona, wakapiga juu ya kiasi kidogo. Hapo kuna mzozo halali kabisa, na sidhani unaweza kumalizwa humu bila kuusoma mkataba.

---

FundiMitambo_Thika

Nashukuru sana. Tumekaa na wenzangu jioni hii, na suala la 1,260 tumeliacha. Tuliofanya saa za ziada mwezi Julai tumetazama hati zetu na kukuta saa imelipwa shilingi 280, kwa hiyo ni wazi kwamba posho haikuingizwa kwenye msingi.

Kimebaki kifungu cha mwaka wa pili, ambacho nakinukuu kama kilivyo: "Kuanzia mwezi wa kumi na tatu wa mkataba huu, posho ya gharama za maisha itaongezwa kwa asilimia 6 nyingine." Hakisemi ni asilimia 6 ya nini.

---

Mzee_wa_Chama

Kifungu hicho ni kibovu, na waliokisaini pande zote mbili walikuwa na haraka. Mimi nakisoma kwamba asilimia 6 nyingine ni ya msingi, kwa kuwa posho yenyewe imefafanuliwa mwanzoni kama asilimia ya msingi. Kwa hiyo mwaka ujao posho itakuwa asilimia 12, yaani 5,040.

---

KaraniWaMishahara

Ningependa iwe hivyo, Mzee, lakini maneno "posho itaongezwa kwa asilimia 6" yanaweza kusomwa kwamba ile posho ya 2,520 ndiyo inayopandishwa kwa asilimia 6, ambayo ni shilingi 151.20 tu kwa mwezi. Mhasibu mkali atalisoma hivyo na hutaweza kumwita mwongo. Na iwapo pande zote zilikusudia kuingiza posho kwanza kwenye msingi, basi ni 2,671.20 juu ya 44,520. Kifungu kimoja kinabeba namba tatu.

---

Mzee_wa_Chama

Hiyo ya 151.20 hakuna mahakama itakayoikubali. Haiwezekani mwaka wa kwanza wa mkataba uwe 2,520 na wa pili uwe 151.

---

KaraniWaMishahara

Huenda, lakini nisingesubiri mahakama iseme. Fundi, mwombeni katibu wa chama aandike barua sasa, kabla ya mwezi wa kumi na tatu, aitake kampuni ithibitishe kwa maandishi jumla ya mfanyakazi wa msingi wa 42,000 itakuwa kiasi gani mwezi huo. Wasijibu kwa asilimia, wajibu kwa shilingi. Wakiandika 68,040, wamekubaliana na Mzee. Wakiandika 68,191.20, posho imeingia kwenye msingi, na hapo mdai pia saa za ziada zipande. Wakiandika 65,671.20, mna miezi kadhaa ya kurudi mezani.

---

FundiMitambo_Thika

Barua nitaipeleka kwa katibu Jumatatu. Jibu likija nitaliweka hapa, pamoja na hati ya mshahara ya mwezi wa kumi na tatu nikiwa nimeficha jina.